Dozi ya Tatu: Degedege Refu la Mtoto kati ya Puru na Shavu

Mtoto anayeanza kupata degedege Kuresoi usiku na kufika Nakuru alfajiri anaweza kupita mikononi mwa watu watatu au wanne wenye dawa ileile. Kituo cha afya cha karibu kina diazepamu. Hospitali ya Molo inayo. Ambulensi huenda inayo. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru inayo pia. Kila mhudumu anamkuta mtoto akitetemeka, kila mmoja anaijua dozi ya kwanza, na ni rahisi kila mmoja aitoe kana kwamba ndiyo ya kwanza kweli.

Kwa zaidi ya miaka 20 madaktari wa watoto wamebishana juu ya njia: diazepamu ipitie puru, yaani njia ya haja kubwa, au midazolamu iwekwe ndani ya shavu? Ubishi huo una maana yake na nitaufikia. Lakini kwa eneo lenye rufaa ndefu kama Bonde la Ufa la kati, naona kuna maswali mazito zaidi: dawa imetolewa dakika ya ngapi, hii ni dozi ya ngapi, na nani anakitazama kifua cha mtoto baada ya mitetemo kukoma.

Tuanze na dakika. Degedege nyingi za watoto, hasa zile za homa kati ya miezi 6 na miaka 5, huisha zenyewe ndani ya dakika mbili tatu. Hizo hazihitaji dawa ya kuzikatiza. Zinahitaji mtoto alazwe ubavu, nguo za shingoni zilegezwe, na mtu atazame saa. Likishavuka dakika 5, mambo hubadilika. Degedege lililofika hapo mara nyingi haliishi lenyewe upesi, na likikaribia dakika 30 hatari ya kuujeruhi ubongo inakuwa ya kweli. Ndiyo sababu mwaka 2015 chama cha kimataifa cha kupambana na kifafa kiliweka dakika ya 5 kuwa mpaka wa kuanza matibabu, na miongozo ya Wizara ya Afya ya Kenya kwa watoto wagonjwa inatumia mpaka huohuo. Inaongeza hali moja: mtoto anayepata degedege la tatu ndani ya saa 2, hata kama kila moja ni fupi, naye hupewa dawa.

Kuchelewa kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwa macho. Diazepamu na midazolamu ni dawa za ukoo mmoja. Zote hushika vipokezi vilivyo juu ya seli za ubongo na kuipa nguvu kemikali ya mwilini inayotuliza seli hizo. Degedege likiendelea, seli huanza kuvivuta vipokezi hivyo ndani, dawa ikakosa pa kushika. Kwa hiyo dozi ileile iliyoweza kulikata degedege dakika ya 6 inaweza kushindwa dakika ya 40. Muuguzi anayeona dawa "haifanyi kazi" hudhani dozi ilikuwa ndogo, kumbe imechelewa, na hapo ndipo mkono unapokwenda kwenye ampuli nyingine.

Tumchukue mtoto wa mfano. Ana miaka 2, homa ilimshika jioni, na degedege limeanza saa 9:40 usiku. Mama amemfunga kwenye leso, wamepanda bodaboda, wamefika kituo cha afya saa 10:05 naye bado anatetemeka. Dakika 25 zimekwisha, kwa hiyo hakuna cha kusubiri. Mizani ya watoto iko upande wa kliniki na mlango umefungwa, lakini kuna kanuni ambayo wahudumu wa Kenya hufundishwa kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 9: umri jumlisha 4, zidisha kwa 2. Miaka 2 jumlisha 4 ni 6, mara 2 ni kilo 12.

Diazepamu kupitia puru ni miligramu 0.5 kwa kila kilo. Kilo 12 zinahitaji miligramu 6. Ampuli ya kawaida ina miligramu 10 ndani ya mililita 2, maana yake miligramu 5 katika kila mililita, hivyo mtoto huyu anahitaji mililita 1.2. Kama mshipa ungepatikana mara moja, kipimo kingekuwa miligramu 0.3 kwa kilo, polepole kwa muda wa dakika nzima. Tofauti ya vipimo hivi viwili ni muhimu kuliko inavyoonekana. Anayesukuma kipimo cha puru ndani ya mshipa, kwa haraka, anaweza kusimamisha pumzi papo hapo.

Sindano huondolewa kwenye sirinji. Huu ni ukumbusho wa kitoto lakini usiku wa manane hauchukizi. Mililita 1.2 haitoshei kwenye ile sirinji nyembamba ya mililita 1, kwa hiyo wengi hutumia ya mililita 2 na kuunganisha kipande kifupi cha mpira laini wa kulishia, kilichopakwa mafuta, na kukiingiza sentimita 4 hadi 5. Hapa kuna kosa linalojificha: dawa kiasi fulani hubaki ndani ya mpira. Usipoisukuma kwa hewa kidogo, mtoto amepata robo tatu ya dozi na daftari limeandikwa dozi nzima. Kisha makalio hubanwa pamoja kwa dakika chache ili dawa isirudi nje. Mpira ukizama zaidi ya hapo, dawa hunyonywa na mishipa inayoipeleka kwenye ini kabla haijafika kwenye ubongo, na ini huipunguza. Kama puru imejaa kinyesi, au mtoto anaharisha, huwezi kujua ni kiasi gani kimeingia. Watafiti wa Kilifi waliopima diazepamu katika damu ya watoto wenye malaria kali waliona hali hiyohiyo: kupitia puru, viwango vilitofautiana sana kati ya mtoto na mtoto. Na diazepamu isichomwe kwenye msuli kama njia ya mkato, kwa kuwa huko hunyonywa polepole na bila mpangilio.

Shavu linatatua sehemu kubwa ya matatizo haya. Midazolamu huyeyuka kwenye maji, na utando wa ndani wa shavu huinyonya moja kwa moja hadi kwenye damu bila kupita kwanza kwenye ini. Huhitaji kumvua mtoto nguo kwenye matatu wala mbele ya darasa zima, jambo ambalo kwa mtoto wa miaka 9 au 10 si dogo. Huhitaji pia kuyafungua meno yaliyokazana. Unavuta shavu kando, unaweka nusu ya dawa kati ya ufizi na shavu upande mmoja, polepole, na nusu upande wa pili, kisha unasugua shavu kwa nje.

Ulaya kuna sirinji zilizojazwa tayari tangu 2011, kila umri na rangi yake: miligramu 2.5 kwa mtoto aliye chini ya mwaka, 5 kwa mwaka 1 hadi 4, 7.5 kwa miaka 5 hadi 9, na 10 kuanzia hapo. Kwa hali ya kwetu, kinachopatikana kwa kawaida ni ampuli ya sindano, na Shirika la Afya Duniani linakubali ampuli hiyo itumike shavuni pale dawa maalumu ya mdomo inapokosekana. Tatizo ni kwamba ampuli zenyewe hazifanani. Kuna yenye miligramu 15 katika mililita 3, na kuna yenye miligramu 5 katika mililita 5. Tukimpa mtoto wetu miligramu 0.3 kwa kilo, anahitaji miligramu 3.6. Kwa ampuli ya kwanza hiyo ni mililita 0.7 hivi, inayokaa vizuri ndani ya mashavu mawili. Kwa ampuli ya pili ni mililita 3.6. Kiasi hicho hakikai shavuni. Nusu itamwagika kwenye leso na nyingine itateremka kooni kwa mtoto asiyeweza kumeza. Anayezibadilisha ampuli hizi bila kusoma lebo anaweza kutoa dozi mara tano ya iliyokusudiwa, au sehemu moja tu ya tano. Zaidi ya hayo, midazolamu mara nyingi hufungiwa chumba cha upasuaji kwa wataalamu wa usingizi, na wodi ya watoto huitazama kwa mbali.

Je, inastahili kuifuata huko? Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Lancet, kutoka hospitali za Uingereza, uliilinganisha na diazepamu ya puru katika matukio 219 ya degedege. Midazolamu ya shavuni ilifaulu katika asilimia 56 ya matukio, diazepamu katika asilimia 27. Lakini utafiti unaotuhusu zaidi ulifanyika jirani, Mulago, Kampala, ukachapishwa 2008. Watoto walikuwa 330. Diazepamu ya puru ilishindwa kwa asilimia 43, midazolamu ya shavuni kwa asilimia 30. Ndani ya matokeo hayo kuna kipande ambacho mtu wa Nakuru anapaswa kukisoma mara mbili. Kwa watoto wenye malaria, waliokuwa wengi, tofauti kati ya dawa hizi mbili haikuwa ya maana. Kwa wasio na malaria ilikuwa kubwa: diazepamu ilishindwa kwa takriban asilimia 56, midazolamu kwa 27.

Sasa tazama ramani. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na Molo, Elburgon na Kuresoi ziko juu zaidi. Mbu wa malaria hapendi baridi hiyo. Mtoto wa huko anayeingia na homa na degedege ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na nimonia, maambukizi ya sikio au koo, kuhara, homa ya uti wa mgongo, au kifafa chenyewe. Ni kundi lile ambalo Mulago iliona midazolamu ikiizidi diazepamu kwa mbali. Ukiteremka hadi Marigat, kando ya Ziwa Baringo, malaria ipo, na hoja ya kubadilisha dawa inapungua nguvu. Kwa maoni yangu, kwa nyanda za juu za Nakuru, ampuli ya midazolamu ya miligramu 5 kwa mililita inastahili kutoka kwenye kabati la upasuaji na kukaa kwenye troli ya dharura ya watoto. Diazepamu ibaki pale ambapo ndiyo pekee iliyopo, na hapo itolewe bila kusitasita. Dawa iliyo mkononi dakika ya 6 ni bora kuliko dawa nzuri itakayopatikana dakika ya 30.

Turudi kwa mtoto wetu. Dozi ya kwanza imeingia saa 10:08. Oksijeni imewekwa. Muuguzi amechoma kidole kupima sukari, kwa kuwa degedege linalotokana na sukari kushuka halitakatika kwa diazepamu hata ukitoa ampuli nzima. Sukari ikiwa chini, au kipimo kikikosekana, hutolewa glukosi ya asilimia 10 kwenye mshipa, mililita 5 kwa kilo, yaani mililita 60 kwa mtoto huyu. Kama kuna chupa ya asilimia 50 tu, mililita 12 zake huchanganywa na mililita 48 za maji ya sindano. Saa 10:18, dakika 10 baada ya dozi, bado anatetemeka. Miongozo inaruhusu dozi ya pili, kiasi kilekile, na inatolewa. Saa 10:22 mikono inalegea.

Ambulensi inaondoka kuelekea Molo. Saa 11:05, barabarani, degedege linarudi. Hili ni jambo la kutarajiwa. Diazepamu huingia kwenye ubongo upesi, kisha hutoka upesi kwenda kwenye mafuta ya mwili, hivyo kinga yake dhidi ya degedege hupungua ndani ya nusu saa au zaidi kidogo. Ila dawa yenyewe haijatoka mwilini. Itachukua siku nzima au zaidi kuisha. Dozi ya tatu ingeingia juu ya akiba ya mbili za kwanza, na akiba hiyo, isiyotosha tena kuzuia degedege, inatosha kulemea sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi.

Kenya ina ushahidi wake mchungu juu ya hili. Kilifi, watafiti waliwapa watoto wenye malaria ya ubongo sindano moja ya fenobabitoni ili kuzuia degedege, wakawalinganisha na waliopewa sindano isiyo na dawa. Watoto walikuwa 340, na matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Degedege zilipungua sana, kama ilivyotarajiwa. Lakini vifo viliongezeka zaidi ya maradufu: asilimia 18 dhidi ya 8. Walipochambua ni nani waliokufa, hatari ilikuwa kubwa mno kwa watoto waliopata fenobabitoni pamoja na dozi 3 au zaidi za diazepamu. Waliopoteza maisha wengi walisimama kupumua. Uingereza nako, uchunguzi wa watoto wenye degedege refu uliochapishwa 2008 uliona kwamba kutoa dozi zaidi ya mbili za dawa za ukoo huu kulifuatana na kulemewa kwa pumzi.

Kwa hiyo mtoto wetu, saa 11:05, hapewi diazepamu ya tatu. Wala midazolamu haihesabiwi kuwa dawa mpya, kwa sababu ni ndugu wa diazepamu na inajumlishwa kwenye hesabu ileile. Hatua inayofuata ni fenobabitoni hospitalini, na inatolewa na mtu aliyekwisha kutoa ambu na kinyago cha saizi ya mtoto na kuviweka kando ya kichwa chake. Ili hilo lifanyike, anayempokea lazima ajue yaliyotokea nyuma. Barua ya rufaa iliyoandikwa "amepewa diazepamu" haimsaidii mtu. Inayosaidia inasema: degedege saa 9:40, diazepamu ya puru miligramu 6 saa 10:08, tena miligramu 6 saa 10:18, limekoma 10:22, sukari imepimwa, kiwango hiki. Na hata barua ikiwepo, muuguzi wa mapokezi aulize kwa mdomo: "Mama, mtoto amepewa nini nyumbani? Na njiani je?" Mama anaweza kuwa alipitia duka la dawa ambalo barua hailijui.

Kutazama pumzi kunaanza pale mitetemo inapokoma, wakati ambapo kila mtu chumbani anashusha pumzi yake mwenyewe na kugeuka kuandika. Kipindi cha hatari zaidi ni nusu saa ya kwanza baada ya dawa. Kifua na tumbo viachwe wazi; blanketi la Molo lina sababu zake, lakini lianzie kiunoni hadi kifaa cha kupasha joto kipatikane. Pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima, kila dakika 5 mwanzoni, kisha kila dakika 15 hadi mtoto aamke na kumtambua mama yake. Baada ya degedege, mtoto hulala fofofo na kupumua kwa kina na kwa mpangilio. Huko ni kupona. Akikoroma, ulimi umeziba njia: alazwe ubavu, taya liinuliwe, mate yafyonzwe. Mtoto wa umri huu akishuka chini ya pumzi 20 kwa dakika, akapumua juu juu kiasi kwamba kifua hakiinuki, au akakaa sekunde kadhaa bila pumzi halafu akavuta moja kama anayeshtuka, hapo dawa imemlemea.

Kipima oksijeni cha kidoleni husaidia, kikisomwa kwa akili. Mtoto mwenye oksijeni puani anaweza kuonyesha asilimia 97 kwa muda huku pumzi zake zikizidi kupungua, kwa hiyo namba nzuri haifuti kifua kisichoinuka. Kikishuka chini ya 90 bila oksijeni, hilo halina mjadala. Tiba yake ni mkono: kichwa kikae sawa, kinyago kishikwe vizuri, ambu ibanwe pumzi takriban 20 kwa dakika, kila moja ikitosha tu kuinua kifua. Asiye na ambu hupuliza kwa mdomo. Ipo dawa ya kuondoa nguvu za diazepamu, flumazenili, lakini kwa mtoto wa degedege inaweza kulirudisha degedege lenyewe likiwa kali zaidi, na pumzi ya ambu inafanya kazi ileile bila madhara hayo. Kulemewa huku kwa kawaida hupita. Mtoto anahitaji mtu wa kumpumulisha mpaka kupite.

Baadhi ya wahudumu, wakishasikia haya, huogopa hata dozi ya kwanza. Hofu hiyo inakosea mahali. Degedege lenyewe huzuia pumzi: kifua kinakaza, mate yanajaa, midomo inageuka rangi. Huko San Francisco, utafiti wa watu wazima uliochapishwa 2001 uliwapa wagonjwa ndani ya ambulensi diazepamu, dawa ya ukoo wake, au sindano isiyo na dawa. Matatizo ya pumzi na moyo yaliwapata zaidi ya asilimia 22 ya waliopewa sindano isiyo na dawa, na kama asilimia 10 tu ya waliopewa dawa. Dozi ya kwanza, kwa uzito sahihi na kwa wakati, hulinda pumzi. Mtoto wa chini ya mwezi mmoja ndiye wa kuwekwa kando na haya yote, kwa kuwa yeye huanziwa fenobabitoni.

Nyumbani, dawa ya kukatiza degedege si ya kila mtoto aliyewahi kupata degedege la homa. Ni ya mtoto mwenye kifafa kinachojulikana, aliyewahi kupata degedege lililopita dakika 5, hasa akikaa mbali, tuseme juu ya Olenguruone, ambako mvua ikinyesha barabara ni suala la bahati. Daktari huandika dozi moja kwa uzito wa sasa, na uzito huo upitiwe upya kila baada ya miezi michache, kwa maana mtoto hukua na dozi ya mwaka jana haimtoshi. Mzazi asifanye hesabu usiku. Sirinji iwekewe alama ya wino mahali pa kuishia, na ampuli ikae gizani, nje ya joto, ikiwa imefungwa. Diazepamu ikivutwa mapema na kuhifadhiwa ndani ya sirinji hushikamana na plastiki na kupungua. Kijiko hakiingizwi mdomoni, wala maji, wala kitunguu hakivunjwi puani.

Dakika ya 5 ikifika, dozi inatolewa mara moja tu, mtoto analazwa ubavu, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine anakaa akitazama kifua huku mwingine akitafuta gari. Safari inaanza hata degedege likikoma, ikiwa ni mara ya kwanza kwa dawa hiyo kutumika au pumzi haiko sawa. Ampuli tupu isitupwe. Itiwe mfukoni pamoja na karatasi yenye saa iliyotolewa, kisha ikabidhiwe kwa muuguzi wa mapokezi, ambaye atajua kwamba dozi atakayoitoa yeye ni ya pili.